Kipande cha Samaki cha Jumamosi

Meneja wetu tunamwita Mama Pole. Ukijikwaa, pole. Ukipiga chafya, pole. Siku moja kiti kilianguka chenyewe, nikamsikia kwa masikio yangu haya akikipa pole. Mimi ni keshia wa mgahawa, huu mwaka wa tisa nimekalia stuli hii, na kutoka hapa naona mlango wa jikoni, mlango wa choo na meza ya meneja, kwa hiyo hakuna kinachonipita. Na nawaambia mapema, msidanganyike na ulaini wa mdomo wake. Pole ni ya kila aliyeumia. Samahani ni ya aliyeumiza. Mama Pole anajua mpaka wa hayo mawili kuliko mwanasheria yeyote.

Jumatatu saa tatu asubuhi ikaingia barua kwenye kompyuta. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo nyuma yetu alikuwa amekula samaki hapa Jumamosi mchana, yeye na dada yake. Tangu Jumapili alfajiri, aliandika, "sijatoka chooni ila kwa ajili ya kuandika barua hii." Alitaka jibu.

Bosi, mwenye mgahawa, akaisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Sikiliza, Mama. Ukikubali kosa, unaondoka. Na huyo mwalimu ukimuudhi, unaondoka vilevile."

Hakuwa anatania. Meneja aliyepita alimwandikia mteja, "Tumekosa, chakula chetu kilikuwa kibovu," kumbe mteja ana malaria. Barua ilizunguka kwenye simu za mji mzima, kampuni ya bima ikagoma kulipa hata senti, na meneja siku hizi anauza mitumba. Mama Pole ana watoto watatu shuleni. Niliona chai yake ikipoa bila kuguswa, na moyo uliniuma, japo ni yeye aliyenikata mshahara mwezi ule kwa kuchelewa.

Mpishi akatoka jikoni. Huyu ni shemeji yake Mama Pole, mdogo wa mumewe, na kofia yake ni ndefu kuliko akili zake.

"Mwandikie hakuna mwingine aliyelalamika! Sahani kumi na tisa ziliuzwa, wote wazima!"

"Shemeji, umewapigia wote kumi na tisa?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

"Mpe chakula cha bure," alisema Bosi.

"Mtu anatapika, Bosi, tumkaribishe kula?"

Mama Pole akaandika mwenyewe, kwa vidole viwili, akisoma kwa sauti. Alianza na pole, pole ya kweli, na kumsihi amwone daktari siku hiyohiyo, anywe maji ya kutosha, na akiweza apimwe choo, maana chanzo hakijulikani kwa kukisia. Akamuuliza dalili zilianza saa ngapi, dada yake anaendeleaje, na mwalimu mwenyewe alikula nini na wapi kwa siku tatu zilizopita, kwa sababu tumbo mara nyingi hulaumu mlo wa mwisho. Hiyo "tumbo hulaumu" akaifuta. Akaweka, "Tunawauliza hivi wote, si kwa kukutilia shaka." Hakuandika kwamba samaki alikuwa mzuri, wala kwamba alikuwa mbaya. Alisema hajui bado, ameanza kukagua daftari la joto la friji, atamwarifu bwana afya yeye mwenyewe, na kesho kabla ya saa sita mwalimu atapata jibu lingine. Akamalizia: "Kipande cha samaki wa siku hiyo tunacho kwenye friji, kimefungwa kwenye kijikopo na kuandikwa tarehe. Kitapelekwa kupimwa."

Kila chakula tunachopika tunakiwekea kipande kwa siku tatu, kwa ajili ya mikasa kama hii. Akaituma barua, akampigia bwana afya, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akanywa chai.

Saa sita mchana, watu wamejaa, mpishi akatoka jikoni na kijikopo mkononi. Alikuwa amekaa na uchungu wake tangu asubuhi, na uchungu wa mpishi ukikosa pa kwenda huiva.

"Wanasema samaki wangu ni sumu!" alitangaza. "Haya, tazameni!"

Akala. Chote. Akalamba na kidole.

Mteja mmoja alipiga makofi. Mama Pole alitoka mezani kwake taratibu, akachukua kijikopo, akageuza kifuniko kusoma tarehe, ingawa sote tulishajua.

"Shemeji, umekula ushahidi."

"Nimetetea ukoo!"

"Pole," akasema, na sijawahi kusikia pole yenye makali vile.

Bwana afya alifika saa nane na kisanduku chake cha barafu, akaonyeshwa kijikopo kitupu na mpishi aliyeshiba. Akaandika kwa muda mrefu sana. Kisha akamwamuru mpishi asiguse chakula cha mtu siku mbili, aangaliwe. Basi mpishi akawekewa kiti karibu na stuli yangu, na kila nusu saa Mama Pole anapita na daftari: "Tumbo?" "Zima." "Kichefuchefu?" "Ukiniuliza ndiyo nakisikia." Jikoni aliingia Bosi. Kuhusu wali wa Bosi sitasema kitu, nina heshima zangu.

Jioni Bosi akatoka na aproni yake imeungua pembeni.

"Kesho mwambie kipande kimeharibika. Friji. Umeme. Nani atajua?"

Kweli, nani angejua? Mwalimu yuko chooni. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, niliona ni wazo zuri. Mama Pole alifunga daftari lake, akaenda nyumbani. Asubuhi alinisomea alichotuma.

"Mwalimu, bado hatujui kilichokuumiza, na sitakubali wala kukataa kabla ya majibu. Lakini niliahidi kipande kitapimwa, na hakitapimwa. Mpishi wetu amekila mbele ya watu, kwa hasira. Hili ni kosa letu, na ninaomba radhi. Yeye mpaka sasa ni mzima, lakini hilo halithibitishi chochote. Bwana afya amechukua nakala za daftari la friji."

"Umejifukuza kazi," nikamwambia.

"Huenda," akasema, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Jibu lilikuja adhuhuri. "Uongo wa wanafunzi nausahihisha mwaka wa thelathini sasa. Anayekubali kosa ambalo nisingelijua kamwe, atakubali na hilo jingine likithibitika. Sitakwenda kulia mtandaoni. Nasubiri majibu." Chini yake aliorodhesha kila alichokula kwa siku tatu, orodha ndefu ya kutisha kwa mtu mmoja, na katikati yake saladi ya mayai ya kikao cha walimu cha Ijumaa, iliyoshinda kwenye buti ya gari.

Ijumaa ya wiki ile bwana afya alipiga simu. Walimu wengine wanne waliokula saladi ile walikuwa wagonjwa, na choo chao kilipopimwa kilikuwa na kidudu kilekile cha mwalimu mkuu. Dada yake mwalimu, aliyekula samaki wetu bila kuonja saladi, hakuumwa hata kidogo. Bosi alinikumbatia mimi, maana Mama Pole alikuwa amejifungia stoo akilia.

Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu alikuja, amepungua, kitambaa kichwani. Akamtazama mpishi kuanzia kofia hadi viatu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," akasema Mama Pole. "Pole kwa kuumwa, Mwalimu."

"Asante. Nipe samaki." Akavuta kiti, akakaa. "Na kipande cha friji, mama, funguo zake zikae kwako."