Barua ya Apolline na Mstari Uliokosekana

Ukiuliza mbegu nzuri Kavimvira, watakuelekeza kwa Apolline Niyonsaba. Kwa miaka tisa aliuza mahindi, maharagwe, vitunguu na majembe chini ya turubai, pembeni ya barabara iendayo mpakani. Wakulima wa Kiringye na Nyakabere walishuka kwenye pikipiki mbele yake wakijua kwamba mbegu yake inaota.

Mwezi wa kumi na moja uliopita iliota kweli, tena ndani ya magunia. Mvua ilipasua turubai usiku, na alipofika asubuhi maharagwe yalikuwa yamevimba. Siku ya tatu yalitoa mikia myeupe. Apolline alikaa juu ya gunia akalia, mchana kweupe, watu wakipita. Siku hiyo aliapa kwamba msimu mwingine hautamkuta nje.

Hatua ishirini kutoka hapo palikuwa na duka tupu la Papa Anastase Ngendakumana, lenye kuta za tofali, bati zima na mlango wa chuma. Papa Anastase alikuwa mkaguzi wa zamani wa forodha, mzee mkavu wa maneno, na mpangaji wake wa mwisho alikuwa amemtoroka na deni la miezi saba. Sasa alitaka dola mia na ishirini kwa mwezi, na garanti, yaani dhamana ya kodi ya miezi sita, mkononi. Kambisti mmoja, mbadilisha fedha wa hapo mpakani, alikuwa tayari ametaja mia na kumi.

Apolline alikuwa na dola mia tatu za akiba, basi. Akaenda kwa Olga, mwalimu wa kopa yao, chama cha akiba cha akina mama, aliyewafundisha kutengeneza plan ya biashara. Olga alimwambia aandike barua, aweke masharti yake, na nyuma yake aambatishe hesabu, ili mwenye nyumba aone kodi itatoka wapi. Majirani walishika vichwa. Nani duniani anamwonyesha mwenye nyumba mauzo yake? Akishayaona si atapandisha bei? Lakini Apolline alikuwa amechoka kubahatisha, akaandika.

Barua ilisema hivi: anaomba duka kwa miaka miwili, kodi dola mia kwa mwezi, garanti ya miezi mitatu, bei isipande mwaka wa kwanza, na anayetaka kuvunja kontra ya upangaji atoe taarifa miezi mitatu mbele. Nyuma yake hesabu: mauzo kwa wastani dola elfu moja na mia nne kwa mwezi, faida juu ya bei ya kununulia mia mbili na themanini. Usafiri, ushuru, mlinzi na mbegu zinazoharibika, jumla mia na arobaini. Inabaki mia na arobaini. Kodi mia, akiba arobaini. Aliisoma mara tatu akaona imependeza.

Papa Anastase aliisoma barazani kwake, miwani puani. Mauzo hakuyashangaa hata kidogo. Alipita kila mstari kwa kidole, akarudi juu, akapita tena. Apolline alikaa kwenye ukingo wa kiti, akishikilia kitenge chake magotini, akiombea ile mia.

"Mama, weye unakula wapi?" mzee akauliza.

Apolline hakuelewa. Akasema anakula nyumbani.

"Hapa sioni. Naona mlinzi anakula, dereva anakula, serikali inakula, minye mwenye duka nakula. Wewe na watoto wako haupo. Minye nilifanya forodha miaka makumi tatu, Mama. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kile ambacho muntu hakuandika."

Apolline akajitetea kwamba atakula kwenye ile akiba ya arobaini. Mzee akauliza watoto wangapi. Watatu. Akauliza tena, na miezi ya kiangazi, mauzo yakianguka, huo wastani utamlipa kodi? Ukweli ni kwamba Apolline alianzia kwenye mia, akijua mzee hatashuka chini yake, kisha akapunguza hapa na pale mpaka hesabu ikakubali. Na cha kwanza kupunguzwa kilikuwa yeye mwenyewe. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Yule aliyenikimbia pia aliniahidi pesa nyingi," mzee akasema, akimrudishia karatasi. "Njaa ikamushika, akakula kodi yangu. Lete ingine Jumatatu. Kambisti nitamwambia angoje."

Jamani, siku tatu hizo! Kuandika ukweli ni kushuka chini ya mia, na kambisti yuko mlangoni na mia na kumi zake. Kuandika uongo ni kupata ufunguo leo na kufukuzwa kiangazi kikifika. Apolline alikaa na daftari mezani, watoto wakimzunguka, akatafuta bei ya unga, samaki wa ndagala, mafuta, sabuni na shule. Miaka tisa hakuwahi kujihesabu. Alikuwa akichota sandukuni kidogo kidogo, na mali ikipungua analaumu soko. Mwishowe aliandika: Mshahara wa Apolline, dola sitini. Akaufuta. Akauandika tena kwa kalamu ya wino.

Jumatatu barua ya pili ilikuwa tofauti. Miezi sita ya kupanda, wa tisa hadi wa kumi na moja na wa pili hadi wa nne, atalipa mia kila mwezi. Miezi mingine sita atalipa arobaini. Kwa mwaka ni dola mia nane na arobaini, yaani sabini kwa mwezi. Akishajilipa na kulipa kodi, anabaki na dola kumi tu kwa mwezi, na hilo pia aliliandika. Ziada ya miezi ya kupanda ataiweka kopa, ili ibebe miezi hiyo mingine. Garanti miezi mitatu ya hiyo sabini, mia mbili na kumi, zote siku ya kusaini.

Mzee alisoma polepole. Alilalamika kwamba sabini si kitu. Alisema hesabu ya garanti ifanywe kwa mia, Apolline akajibu kwa upole kwamba zikitoka mia tatu hakuna mbegu ya kuweka dukani. Mzee akakuna kidevu. Kambisti alitaka miezi sita tu, akakataa kusaini zaidi. Baada ya hapo, nani anajua? Hapa kulikuwa na miaka miwili, na mwanamke aliyeandika hata dola kumi zake.

"Nipe kalamu," akasema.

Walisaini mbele ya shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa, na mwisho wa mwezi wa nane magunia yakaingia ndani. Mvua ya kwanza ilipopiga bati, Apolline alifunga mlango wa chuma akasimama ndani kuisikiliza tu, mkono juu ya gunia kavu. Alicheka peke yake.

Mwisho wa mwezi wa tisa alipeleka mia ya mzee kabla hajaulizwa. Papa Anastase alizihesabu, akaandika risiti, lakini hakumpa.

"Na yule mwingine, umemulipa?"

"Nani, Papa?"

"Apolline."

Hakuwa amemlipa. Alikuwa amepanga kuongeza gunia la vitunguu kwanza, yeye atangoja. Mzee aliendelea kushikilia risiti, hana haraka, akaangalia barabara. Apolline akarudi dukani, akafungua sanduku, akahesabu sitini, akazifunga kwenye pindo la kitenge. Halafu akafungua daftari, akaandika taratibu, machozi yakimlenga: Nimepokea dola sitini. Chini yake akatia sahihi, mara ya kwanza katika maisha yake kupokea mshahara.