Sarafu juu ya mtutu

Kwetu, watu wenye asili ya Ngazija, nyumba ni ya mwanamke. Mume huingia na nguo zake, na akikosana na mkewe hutoka na nguo zake. Kwa hiyo mume wangu alipoleta bastola katika nyumba aliyoniachia bibi yangu pale Ambanoro, kisiwani Nosy Be, ilibidi aniombe ruhusa mimi, si wakuu wake wa polisi.

Nilimwambia ailete. Ningemruhusu alete hata chui.

Wakati huo sikuwa naogopa kitu. Mtoto wetu alikuwa amefia Mahajanga, homa ya siku chache, hajafika mwaka. Wanaume walimbeba asubuhi wakaenda kumzika, nami nikabaki ndani na wanawake kama ilivyo desturi. Nilikuwa nimepanga kwenda kumwona kaburini baadaye, mambo yakitulia. Hayakutulia. Mume wangu alianguka katika jaribio la shabaha, na waliokuwa wakianguka walikuwa wakiondolewa Mahajanga na kupelekwa vituo vidogo. Nchi ilikuwa imepata uhuru wake karibuni, Wafaransa wanafungasha, na wakubwa wapya walitaka kuonyesha kuwa polisi wao si wa kubahatisha. Tukaletwa Nosy Be, kwa ndugu zangu. Kila mtu alisema afadhali, utakuwa karibu na watu wako. Niliitikia. Nilikuwa nikiitikia kila kitu.

Nilichokitaka kilikuwa kimoja. Arudie jaribio, apite, turudishwe Mahajanga, nijue mwanangu amelazwa wapi.

Tatizo lake alikuwa amekwisha kuambiwa na mwalimu wa shabaha, mzee mmoja Msakalava aliyepigana vita vya Wafaransa. Macho mazuri, mkono mzuri, kidole kibaya. Alikuwa akisubiri mlio. Kabla bastola haijalia, mwili wake ulikuwa umekwisha kushtuka, kidole kinanyakua kifyatulio badala ya kukibana taratibu, na mtutu unainama. Risasi inakwenda chini kushoto, kila mara pale pale. Dawa yake, alisema mzee, si risasi nyingi. Dawa ni kufyatua bila risasi, nyumbani, kila siku kidogo, mpaka kidole kisahau kwamba kuna mlio.

Mzee alimpa na masharti, na mume wangu alinisomea yote kama khatibu. Mimi nilikuwa nikichambua mchele. Nilipofika mwisho wa mchele nilimwambia, "Na ukuta?"

"Ukuta gani?"

"Utaelekeza wapi hiyo bastola? Nyumba hii ni ya majani ya ravinala. Upepo unapita, risasi itashindwa?"

Kule Mahajanga tulikaa nyumba ya mawe, hakuwa amefikiria. Akatafuta magunia, akaenda pwani ya Ambondrona kwa mkokoteni wa jirani, akarudi na mchanga. Tukayapanga chumbani safu mbili nene, upande ambao nje yake kuna kilima na hapapiti mtu. Shangazi zangu, tuliokaa nao ua mmoja, waliuliza kama tunajenga msikiti.

Bastola yenyewe ilikuwa ya kizamani, ya Kifaransa, ya silinda inayozunguka yenye matundu sita. Kila alasiri akirudi kazini alisimama mbele ya magunia, mtutu ukiyaelekea, kidole nje ya kifyatulio, akaifungua silinda na kuzitoa risasi. Alizitia katika kopo la maziwa la bati, akanipa. Kisha aliielekeza silinda kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia tundu moja moja, akalipitishia kila tundu ncha ya kidole cha mwisho, kwa sababu mzee alisema jicho huona linachotarajia kuona. Halafu nami nikafanya vile vile. Ndipo nilipochukua kopo nikaenda nalo jikoni, jengo la peke yake uani, nikaliweka juu ya rafu karibu na chumvi. Risasi na bastola havikulala chumba kimoja wakati wa mazoezi. Mlango wa mbele ulifungwa. Kipande cha karatasi chenye nukta ya mkaa kilibandikwa kwenye gunia. Karatasi ikibandikwa, mazoezi yameanza. Ikibanduliwa, yamekwisha, na hakuna "moja tu ya mwisho".

Basi hapo alisimama mwanamume mzima akifyatua hewa. Ta. Anavuta pumzi, anaitoa nusu, anakitazama kile kijino cha mbele cha kulengea mpaka karatasi yenyewe inafifia, anabana kwa nyama ya ncha ya kidole, nyuma moja kwa moja. Ta. Kijino kikitikisika wakati wa ta, amekosea. Ili asijidanganye, niliweka sarafu ndogo bapa juu ya mtutu, nikisimama nyuma na ubavuni mwake, na nikauondoa mkono kabla hajagusa kifyatulio. Sarafu ilianguka. Ilianguka jana yake pia. Nilikuwa naiokota, naiweka, inaanguka. Ilinifaa kazi ile, haikuhitaji niwe na moyo.

Siku moja mjomba alipiga hodi. Mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye neno katika nyumba ya mpwa wake hata kama hajui mahali mlango ulipo. Sarafu ilikuwa imeanguka karibuni tu. Mjomba alisema kuna wavuvi wanagombea nyavu pwani, wameshikana mashati, mume wangu aende haraka kabla hapajamwagika damu. Mume wangu akataka kopo. Nilimletea. Akajaza silinda, akavaa mkanda, wakatoka.

Hawakufika mbali. Walikutana na watu njiani wakiwaambia ugomvi umekwisha, wagombanaji wanakula pamoja. Wakarudi. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu, na mimi nilikoka moto nikapika chai. Mjomba aliketi mkekani katikati ya chumba, akaeleza ugomvi wa nyavu tangu enzi ya babu za wale wavuvi. Mume wangu alikuwa ameitundika bastola katika ala yake nyuma ya pazia. Kuitoa silaha na kuanza kuishughulikia mbele ya mjomba wa mkeo, huku yeye anakunywa chai, ni utovu wa adabu ambao ungesimuliwa mpaka Antsahampano. Kwa hiyo hakuzitoa risasi. Alikaa kwa adabu, akaitikia.

Mjomba alipoaga, nilichukua vikombe kwenda jikoni. Kwenye rafu, kando ya chumvi, hapakuwa na kopo. Nililiona chini, pale nilipoliacha nilipokuja kukoka moto wa chai. Niliokota nikatikisa. Halikulia.

Nilirudi chumbani. Karatasi ilikuwa bado imebandikwa kwenye gunia, hatukuibandua. Na kwa kuwa imebandikwa, yeye alikuwa amesimama mbele yake, mkono umenyooka, anaendelea pale alipoachia.

Sikukimbia wala sikupiga kelele. Nilisimama nyuma ya ubavu wake nikasema, "Toa kidole. Fungua."

"Tumeshaangalia," alisema, hakugeuka.

Ni kweli, tulikuwa tumeangalia. Mimi na yeye, macho manne na vidole viwili.

"Fungua."

Alifungua. Vitako sita vya shaba viling'aa katika matundu sita.

Nakumbuka uso wake ulivyokuwa. Midomo ilikauka ikawa ya kijivu, akaziondoa risasi moja moja, akaketi chini na mikono magotini kama mtu aliyeshuka kwenye mnazi vibaya. Alisema shangazi zangu walikuwa wametoka kupita uani. Magunia yapo, nilimwambia. Alisema angekuwa ameuelekeza mtutu kwingine je. Hukuuelekeza, nilimwambia. Nilizisikia sauti zetu kana kwamba watu wengine wanaongea nyumba ya pili. Moyo wangu haukupiga hata pigo moja la ziada, na hilo ndilo lililonitisha, kadiri nilivyoweza kutishika. Nilijua kwamba kama bastola ile ingelia masikioni mwangu, ningeendelea kushika kopo.

"Imetosha," alisema. "Naacha. Tutakaa hapa hapa."

Nilibandua karatasi. Nikamwambia leo imekwisha. Kesho tutaanza upya, na tangu kesho mtu akipiga hodi, awe mjomba, awe kadhi, karatasi inabanduliwa kwanza, na akiondoka tunaanza kuchungulia matundu kana kwamba hatujawahi kuiona bastola. Kama mjomba ataona utovu wa adabu, nyumba ni yangu, aje anifukuze.

Kesho yake alikuwa mbaya kuliko siku ya kwanza. Sasa alikuwa na mlio wa kweli wa kuuogopa. Tulichungulia, nikapeleka kopo, nikarudi, na sarafu haikukaa hata kidogo. Mwishowe akaiweka bastola mezani, mtutu kwenye magunia, akasema hakuna mtu anayeweza. Nikaichukua. Nikaifungua tena, nikachungulia, nikapitisha kidole. Nikanyoosha mkono, yeye akaweka sarafu. Nilibana.

Ta. Sarafu ilikaa.

Akanikodolea macho kama mtu aliyeona kiinimacho. Nikabana tena. Ilikaa. Ilikuwa nzito kuvuta, kidole kiliuma, lakini sarafu ilikaa kama imegandishwa kwa utomvu.

"Unafanyaje?"

Nilifikiri. Nilitaka kumjibu kweli, kwa sababu nilitaka apite.

"Sisubiri kitu," nilisema. "Nakibana tu. Kikifika kimefika."

Nadhani siku ile ndipo alipojua nilikuwa wapi miezi yote ile. Alilichukua lile neno langu akalifanyia kazi. Siku baada ya siku alibana bila kusubiri, na mlio wa ta ulipokuja ulimkuta katikati ya pumzi. Sarafu ilianza kukaa mara moja moja, kisha mara nyingi, mpaka shangazi zangu wakaacha kusikia ikianguka.

Tulipanda meli kwenda Mahajanga. Alipiga, akapita. Mzee Msakalava alimwuliza ni nani aliyemnyoosha kidole, akasema mke wangu, na wale wanaume wakacheka sana. Wakamrudisha kituo cha bandarini.

Asubuhi iliyofuata alinipeleka makaburini, yeye mbele, mimi na birika la maji nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza lipi, maana ni mengi, ya watoto hasa. Hakunipa nafasi. Alisimama kando ya kilima kidogo chenye jiwe lisiloandikwa, akasema, "Hili," kisha akaniita Mama na jina la mtoto wetu, jina ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelitamka mbele yangu tangu siku ile.

Nilinyoosha mkono nimwagie mwanangu maji. Ule ule mkono wa sarafu. Birika lilianza kugonga jiwe, ta, ta, ta, na sikuweza kulizuia. Maji yalinimwagikia miguuni. Mume wangu akaja ashike, nikamwambia aache, aliache litetemeke.