Uso wa Shangazi Baada ya Kibuyu

Juzi mpwa wangu kanitumia kwenye simu kipande cha mkanda wa harusi ya mama yake. Anasema ameupeleka kwa kijana mmoja anayehamisha mikanda ya zamani, na kwamba ulikuwa umeanza kuota ukungu. Nilikuwa namenya ndizi. Nikanawa mikono, nikavaa miwani, nikatazama, na kabla sijafika mbali uso wa shangazi ukajaa kioo kizima. Basi ndizi zikasubiri. Wewe nawe ungekulia nyumba ile ungeziacha.

Tulikaa Kaloleni, Arusha, jirani na uwanja wa mpira, kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga vilivyozunguka ua mmoja. Bao likifungwa tulisikia uwanja wote ukipiga kelele, na shangazi akasema, "Haya, wamepona hao," bila kuacha kusugua sufuria. Shangazi alikuwa dada wa baba. Mama alipofariki alikuja kutoka Kilimanjaro kutusaidia kwa muda, mimi na dada yangu, na muda huo haukuisha. Alitufunga nywele kwa nguvu mpaka macho yakavutika. Alipika mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama ya mbavu, akaupondaponda taratibu, na harufu yake ilituita toka barabarani. Kwenye kona ya ua alipanda isale, lile jani refu la kijani ambalo sisi Wachaga tunapanda mipakani. Mtu akikujia nalo mkononi, amekuja kuomba radhi, na humfukuzi. Majirani zetu Wameru nao wanaliheshimu.

Na uso wake, nikuambie ukweli, ulikuwa mkavu. Akifurahi midomo ilikaza, akikasirika midomo ilikaza. Sisi watoto tulijua kumsoma kwenye mabega.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyozoea rafu tupu yalikuwa yamejaa sabuni za kunukia na redio za kila aina, na televisheni ziliingia mitaani kabla hatujapata kituo cha kutazama. Watu walizinunua kwa ajili ya video, na hakuna video iliyoshinda ya harusi, maana humo ulijiona mwenyewe ukila.

Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, alipanga fundi video. Alikuwa mtu wa Singida, mrefu, aliyepelekwa Urusi enzi za ujamaa kusomea filamu. Aliporudi alizunguka vijijini na gari la sinema la serikali, akiwaonyesha wakulima namna ya kupogoa kahawa. Serikali ilipopunguza wafanyakazi naye akapunguzwa, akanunua kamera, akaja kwetu kupiga harusi na vipaimara. Wala hakujihurumia. Alisema wazi kwamba Arusha nzima kuna wapiga video wengi na mtengeneza filamu mmoja, na kwamba tuna bahati tumepanga naye.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, na yeye alipenda kuulizwa. Mlango wake ulikuwa wazi mchana kutwa. Alikuwa na deki mbili, moja ya kuchezesha na moja ya kurekodi, zimeunganishwa kwa waya. Anatafuta picha kwenye deki ya kwanza, anaisimamisha, anairudisha nyuma kidogo ipate mwendo, kisha anaachia zote mbili kwa vidole vya mikono miwili. Akichelewa kidogo, picha inaruka na anaanza upya.

Aliniambia kwamba baada ya mapinduzi kule Urusi, filamu mbichi, ambayo haijapigwa picha, ilikuwa adimu kama sukari ilivyokuwa kwetu. Walimu na wanafunzi wakachukua filamu kuukuu, wakazikatakata na kuziunganisha kwa mpangilio mwingine, na hapo wakagundua jambo. Maana haikai ndani ya picha peke yake, inazaliwa pale picha mbili zinapokutana. Walibishana sana, akasema. Mmoja alisema picha zinapangwa kama matofali, hili juu ya hili, mpaka habari ikamilike. Mwenzake akakataa katakata: picha hazipangwi, zinagonganishwa. Nuru kwa giza, umati kwa mtu mmoja, kitu kilichotulia kwa kinachokimbia. Zikigongana linatokea jambo la tatu, ambalo ukilitafuta katika picha ya kwanza hulioni, na katika ya pili hulioni. Akanichorea jicho, na pembeni yake maji. "Wako watu huko mashariki ya mbali wanaandika hivi," akasema. "Umesoma nini?" Nikasema, mtu analia. Akacheka. "Nimechora kulia mimi? Umelia mwenyewe kichwani mwako."

Dada aliolewa na mwalimu, Mmeru, kwao kwenye miteremko ya mlima, kwenye migomba na ng'ombe. Fundi ndiye aliyepiga video. Kwenye sherehe mama mkwe alimtunza dada kibuyu cha maziwa, alichokifukizia moshi na kukishonea shanga kwa mikono yake. Ilikuwa zawadi nzito kuliko magodoro yote yaliyotangazwa kwa kipaza sauti. Sasa, kibuyu kikiwa ndiyo kinapokelewa, mjomba wetu mmoja akapita mbele ya kamera na kreti la soda, akasimama hapo hapo akitafuta kifungulio. Kwenye mkanda hakukuonekana kitu ila mgongo wa koti.

Fundi hakuweza kumwachia mteja mgongo wa koti. Alitafuta picha ya kuziba pengo, akapata uso wa shangazi, wa karibu, umetulia, macho yameshuka kidogo. Akauweka hapo. Kibuyu, uso wa shangazi, kisha dada amekipakata. Yeye aliona ni kazi safi. Yule aliyenifundisha kwamba picha zinagongana alisahau kusikiliza mlio.

Ukweni walipoutazama mkanda, wote waliona kitu kimoja. Kibuyu kimetolewa, na mwanamke wa mjini amekunja mdomo. Wakarudisha nyuma wakatazama tena, na kila wakirudia dharau ilizidi kukomaa. Dada alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na ilikuwa imekubaliwa shangazi apande akamlee mzazi, ampikie mtori, amwogeshe mtoto. Shemeji akaja na ujumbe, macho chini. Mama amesema, aliyekikunjia mdomo kibuyu chake hatashika mjukuu wake.

Shangazi alikuwa ameshafunga begi: khanga, nguo za kichanga, mafuta ya ng'ombe ndani ya chupa. Alilisogeza nyuma ya mlango.

"Nikaombe radhi kwa sura niliyozaliwa nayo?" akasema. "Siendi."

Lakini mabega yalikuwa yameanguka. Usiku ule hakugombana na mtu, na nyumba nzima tukaogopa. Alikuwa hajazaa. Dada ndiye mtoto wake wa kwanza, na yule wa tumboni ndiye mjukuu wa kwanza ambaye angepata.

Nilimfuata fundi nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huo mgongano nimeusababisha mimi," akafunga mlango wake kwa mara ya kwanza mchana. Alipotoka alikwenda kwenye kona ya ua, akamwomba shangazi ruhusa ya kukata isale.

"Kata," shangazi akamjibu. "Ila unalibeba wewe, si mimi."

Mama mkwe alishuka mjini siku ya soko, akafikia kwa mdogo wake mtaa wa Sokon One, nyumba yenye televisheni. Tulikwenda fundi, baba na mimi niliyekataa kubaki. Fundi aliingia na isale mkono mmoja, deki kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alilitazama jani. "Nimelipokea, baba. Lakini si wewe uliyekunja mdomo."

"Ni kweli. Naomba utazame kidogo tu."

Akachomeka waya. Ikaja bakuli la mtori unaofuka moshi, kisha uso wa mwanamke. Mdogo wake mama mkwe akasema, huyo ana njaa. Likaja kaburi lenye msalaba na maua mabichi, kisha uso wa mwanamke. Wakaguna kwa huruma: maskini, kafiwa. Akaja mtoto mchanga amelala, kisha uso. Mama mkwe mwenyewe akasema, "Huyu anampenda mtoto. Ona macho." Halafu akamgeukia fundi, maana alikuwa ameutambua uso.

"Ni shangazi," fundi akasema. "Mara zote tatu ni uso ule ule, mama, wala sikubadilisha hata unywele. Njaa, msiba na mapenzi mmemtia ninyi, kutoka kwenye picha iliyotangulia. Na mimi nilipoweka kibuyu mbele yake, mkamtia dharau. Kosa ni la aliyeunganisha."

"Sasa hapo alikuwa anatazama nini?"

Fundi alikuwa akilisubiri swali hilo. Alitia mkanda wa asili, ule ambao haujakatwa. Uso wa shangazi ukatokea, midomo imekaza, macho chini, na safari hii kamera haikuishia hapo, ikarudi nyuma polepole. Tukaona ni kanisani asubuhi, saa nyingi kabla ya kibuyu. Tukasikia mzee wa kanisa akisoma matangazo ya mavuno, mtaa kwa mtaa, bila dalili ya kumaliza. Kamera ikazidi kurudi nyuma, na kando ya shangazi, benchi moja, bega kwa bega, akaonekana mama mkwe. Midomo imekaza. Macho chini. Ungedhani ni mapacha.

Hakuna aliyethubutu kucheka kabla yake. Mama mkwe alijitazama kwa muda, akasogea karibu na kioo.

"Na mimi je," akasema, "nilikuwa namdharau nani?" Akacheka mpaka kilemba kikalegea. Kisha akachukua lile isale akampa baba. "Mpelekee mwenzangu. Mwambie safari hii naomba mimi. Aje na sufuria lake."

Shangazi alipanda mlimani siku ya pili yake, begi kichwani, mabega juu. Mtoto alizaliwa mikononi mwa wale wawili. Wanaosimulia wanasema waligombania mpaka maji ya kumwogeshea.

Ua ule sasa ni jengo la ghorofa, chini wanauza simu. Fundi alirudi Singida na deki zake zikiwa hazina tena kazi. Mama mkwe ametangulia, na shangazi tumemzika kwao Kilimanjaro. Sisikitiki sana juu ya jengo. Nawakosa watu.

Mpwa wangu, ambaye ndiye mtoto yule, aliniuliza kwa ujumbe: "Mama mdogo, hapa bibi alikuwa amekasirika?" Nimeutazama uso tena. Mbele yake sikuona kibuyu wala kanisa. Niliona sufuria la mtori, kitana kinachopita kwenye nywele zangu, begi nyuma ya mlango. Kisha uso ukaja, mkavu vile vile, na nikauona unanipenda. Nikamwandikia: "Hapana, mwanangu. Tazama mikono yako kwanza, aliyoiogesha, halafu umtazame yeye."