Mwalimu Pilipili na Alama ya Krismasi

Nikimkumbuka yule kiongozi wa meza damu inanichemka mpaka leo, kwa hiyo anayetaka hadithi ya upole akatafute kwingine.

Nataka kusimulia habari za dada mmoja, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Pilipili. Alilijua jina hilo na hakuchukia. Alisema heri pilipili, kila mtu anajua imo kwenye chungu. Mwembamba, miwani imefungwa uzi upande mmoja, na sauti ya kuamsha darasa la jirani. Mtoto akikosea alimgombeza. Mtu mwingine akimwonea mtoto huyo huyo, ole wake. Nilifundisha naye shule moja, na kwa kuwa alinitangulia kazini nilimwita dada, naye akaniita mdogo wangu hata alipokuwa ananifokea.

Mwaka ule tuliitwa wote wawili kusahihisha mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Ukumbi ulikuwa bwalo la chakula la shule ya bweni, meza ndefu bado zinanuka mafuta ya kupikia. Pale hakuna anayesahihisha karatasi nzima. Kila mmoja ana swali lake: unasahihisha, unatia sahihi, unamsukumia jirani. Karatasi inasafiri meza nzima, ikifika mwisho inajumlishwa na kufungwa kwenye furushi. Wa kwanza akisimama, meza nzima inakaa mikono mitupu.

Swali la kwanza lilikuwa imla. Siku ya kwanza alilisahihisha mzee mmoja mpole, hakuuliza kitu. Kesho yake tumbo likamkamata, kiongozi wa meza akamhamishia Pilipili pale mwanzoni. Mimi nilikuwa wa pili.

Hata chai haijapoa, nikasikia, "Hii nini?"

Katika mwongozo wa kusahihisha, sentensi ya tatu ya imla ilisema watoto walimtembelea bibi yao siku ya Kristmasi. Chini yake imeandikwa: atakayeacha t asipewe alama.

"Mheshimiwa," Pilipili akamwita kiongozi, "mwongozo umekosewa. Neno ni Krismasi."

Kiongozi alikuwa bwana wa tai na manukato, mwenye kupenda kuitwa Mheshimiwa. Akaja taratibu. "Mwalimu, sikukuu hii ni ya nani? Si ya Kristo? Kristo ana t. Ukiiondoa umemwondoa mwenye sikukuu."

Wawili watatu wakatikisa vichwa kukubali, wale wa kuitikia kila kitu.

"Kristo ana t kwa sababu inasikika," Pilipili akasema. "Krismasi tumeipata kwa Waingereza, nao wenyewe wanaiandika hiyo t lakini hawaitamki. Sisi tulichukua kilichoingia sikioni, tukamalizia na i ili mdomo upate pa kutua. Idi nayo imetoka kwa Waarabu bila i ya mwisho, tukaitia. Kwaresima Wareno hawakuwa na ile i ya katikati, tukaiweka, maana s na m zilitukwama. Kwenye Krismasi s na m tumezivumilia kwa shida, leo unataka kunirundikia na t katikati? Nani hapa anatamka hivyo? Tamka wewe, tukusikie!"

Kiongozi akainyoosha tai yake.

"Na Pentekoste je?" akadakia mmoja wa waitikiaji. "Mbona ina st?"

"Ina st na irabu nyuma yake, bwana. Hiyo inapita. Mtoto ameandika alichosomewa, na kamusi sanifu inaandika hivyo hivyo. Anayeona Krismasi ngeni aseme Noeli, nalo limo kamusini. Lakini mtoto asinyimwe alama kwa kuandika sawa!"

"Kamusi yetu hapa ni mwongozo," kiongozi akasema. "Sahihisha."

Sasa mtu atauliza, alama moja ni kitu gani? Muulize mzazi ambaye mwanawe amekosa nafasi ya sekondari kwa alama moja. Mimi nawaona kila mwaka, wanakuja kuchungulia dirisha la darasa langu wenzao wakishakwenda sekondari.

Pilipili akaifunika kalamu nyekundu, akaiweka mezani. "Sisahihishi."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Mwalimu."

"Na mkuu asiyesikia anavunjika nini?"

Mtu akacheka mwisho wa meza. Kiongozi akavimba. Akalivuta lile rundo kutoka mbele ya Pilipili, akalitupa mbele yangu. "Wewe, anza na imla."

Loo! Hasira zilinipanda. Karatasi ya juu ilikuwa ya mtoto mwenye mwandiko wa kubonyeza, herufi zimetoboka upande wa pili. Krismasi, ameandika vizuri, hata herufi kubwa hakusahau. Nikamsukumia kiongozi rundo lake. "Hata mimi siwezi."

Akamjaribu wa tatu. Wa tatu akasema macho yanamuuma. Yule bwana akavua koti, akakaa kusahihisha mwenyewe, na kwa kuwa hajashika kalamu nyekundu miaka na miaka, karatasi zilikuwa zinatoka moja moja kama maji ya bomba bovu. Meza nyingine zinafunga mafurushi, yetu imekaa inapiga miayo. Ndipo mkuu wa kituo cha kusahihishia akaja kuuliza kuna msiba gani.

Alisikiliza pande zote mbili bila kukaa, akatoka nje kupiga simu kwa watunga mtihani. Aliporudi alizungumza polepole. "Krismasi ndiyo sanifu. Kosa liliingia wakati wa kuandaa imla, mwongozo ukalifuata. Aliyeandika Krismasi apewe alama yake. Aliyeandika Kristmasi naye msimwadhibu, huenda msimamizi aliyemsomea alilitamka lilivyochapwa."

Kiongozi akakohoa. "Vyema. Tuanzie hapa kwenda mbele."

"Kwenda mbele?" Pilipili akasimama. "Na wa jana?"

"Mafurushi ya jana yamefungwa, yako stoo, gari linakuja kuyachukua. Yaliyofungwa yamefungwa."

"Yamefungwa kwa kamba! Kamba hiyo nimeiona, ni ya katani, haikushushwa kutoka mbinguni! Mkuki kwa nguruwe mtamu, eh? Angekuwa mwanao humo ndani ungesema yamefungwa?"

Wenzetu wakaanza kunung'unika, na si dhidi ya kiongozi, dhidi yake. Tumechoka, dada. Mtatuweka hapa mpaka lini, dada. Watu wazima, walimu, wanaona uvivu kumrudishia mtoto haki yake! Niliwaambia waone haya. Nilisema na mengine ambayo si ya kuandika. Mkuu wa kituo akajifuta uso, akatoa ufunguo wa stoo.

"Fungueni," akasema.

Tuliyabeba mimi na Pilipili, wengine wakafuata baadaye wakiburuta miguu. Alikata kila kamba mwenyewe. Alirudisha alama moja moja, akatia sahihi, akanisukumia nijumlishe upya, na kila mtoto aliyerudishiwa alama yake, Pilipili alimwambia neno kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kiongozi alisimama mlangoni akiandika kitu kwenye simu yake.

Mwaka uliofuata mwaliko ulinijia mimi. Yeye hakuitwa. Nilimkuta darasani anasahihisha madaftari, nikamtolea maneno yote niliyokuwa nayo, kwamba hawana shukrani, kwamba wamemwogopa, na kwamba kama yeye haendi mimi pia siendi, wakasahihishe wenyewe na miongozo yao.

Aliirusha kalamu ikagonga ubao.

"Utakwenda!" akanifokea. "Tena ukae pale mwanzo wa meza. Usipokwenda wewe, mdogo wangu, nani atawakatalia?"