Soksi kwenye Jiko la Marehemu

Shangazi alitaka kitu kimoja tu kwa misa ya kumbukumbu ya mumewe: amwone tena akiota moto jikoni. Picha ya marehemu ilikuwa moja, ya kitambulisho, amekodoa macho kama anadaiwa. Mimi nahariri video za harusi hapa Sumbawanga, nikamwambia, "Tulia shangazi, akili mnemba itamwasha."

Nikaweka picha, nikaandika maelekezo: mzee ameketi, moto ndani ya nyumba, mwanga unacheza usoni. Ikaja nyumba ya matofali mekundu yenye dohani, na juu ya moto zimetundikwa soksi, kama Krismasi ya kwenye filamu za Wazungu.

"Kahamia wapi huyu?" shangazi akauliza. "Na soksi za nani hizo?"

Nikaandika: pasiwe na soksi. Zikaongezeka! Mashine hizi ukitaja kitu hata kwa kukikataa, ndiyo umezikumbusha. Nikafuta neno soksi, nikataja mafiga, kuni, ukuta wa udongo wenye masizi, mwanga unacheza. Sasa mwanga ukawaka na kuzima kama disko, na kivuli kikapunga mkono ilhali mwenyewe katulia. Shangazi akapiga ishara ya msalaba.

"Mwanangu, wewe moto umewahi kuuangalia?"

Nilikasirika, jamani. Akafunga dirisha, akawasha mshumaa, akauweka sakafuni mbele yake. Nikatazama kweli. Kidevu kiling'aa, macho yakazama gizani. Kivuli kilipanda ukutani nyuma yake, kikubwa kuliko yeye. Upepo wa mlangoni ukilaza mwali kulia, kivuli kinasogea kushoto, taratibu, bila mpangilio.

Nikaandika hayohayo: mwanga mmoja tu, kutoka chini mbele, wa rangi ya chungwa, uso na ukuta vibadilike pamoja, kamera isitikisike.

Safari hii moto ulikuwa moto. Ila mashine ilimpa marehemu meno yote, anatabasamu.

"Huyu si yeye," shangazi akasema. "Yule hakucheka tangu nimjue." Nikaona machozi. Kisha akagusa kioo cha kompyuta, pembeni. "Lakini kivuli ni chake. Mabega yale nayajua. Mtoe huyo mcheshi, uniachie ukuta."

Siku ya kumbukumbu, baada ya misa, tukaziba madirisha ya sebule kwa mablanketi mchana kweupe. Ukoo mzima, vikombe vya pombe ya ulezi mkononi, ukatazama kivuli kikicheza ukutani kwa projekta yangu ya harusi. Shemeji mmoja akanong'ona, "Picha yenyewe inaanza saa ngapi?"

Shangazi akanyanyuka, akavuta kigoda chake hadi mbele ya projekta.

"Shangazi, unaziba!" nikapiga kelele.

"Najua," akasema, akaketi. Kivuli chake kikaangukia ukutani kando ya kile kingine, bega kwa bega. Akasogea kidogo kushoto, kumpisha. "Alikuwa anapenda kukaa upande huu."