Vlogi ya Dagaa wa Ikola

Video zangu za mwanzo zilikuwa vipande tu. Asubuhi ya mtaani kwetu Ilembo, chai, ng'ombe wakikatiza barabara, ziwa, mimi nikicheka. Dada yangu mkubwa, ambaye naishi kwake, alizitazama zote kwa subira, halafu siku moja akaniuliza, "Sasa wewe unatueleza nini? Mtu akikusimulia hivi si utamkimbia?"

Niliumia, lakini alisema kweli. Kila klipu ilikuwa nzuri na hakuna iliyomfanya mtazamaji aisubiri inayofuata. Nikaamua safari inayofuata iwe na mtu mmoja na swali moja. Kijijini Ikola, kando ya ziwa, nilimpata mama mmoja mwanika dagaa, mtu mzima, mcheshi, mwenye mzigo aliotaka kuufikisha sokoni Mpanda. Mawingu yalikuwa yamejaa kusini. Swali likajileta lenyewe: je, dagaa watakauka kabla ya mvua?

Nilimbania maikrofoni ndogo kwenye khanga, nikamfuata tangu anawatandaza mchangani mpaka magunia yalipopakiwa kwenye fuso. Mvua ilitunyeshea mara mbili. Mara ya kwanza tulikimbia na maturubai, mara ya pili kundi moja la dagaa likaloa na ikabidi waanikwe upya. Mpanda tulifika tumechakaa, na mzigo ukanunuliwa. Nilikuwa na mwanzo, kikwazo na mwisho. Nilirudi nyumbani najiona nimeiva.

Nilianza kuhariri mchana, bati likipigwa na mvua. Nilikata machweo yote, hata yale niliyoyapenda, kwa kuwa hayakuhusu mzigo. Nilipofika pale nilipogeuza simu kurekodi mitumbwi, huku mama akiwa nyuma yangu peke yake na dagaa wake, nilivaa spika za masikioni ili nifute upepo. Nikamsikia anaongea.

"Naliona hilo wingu. Usinikimbize, mikono ninayo miwili tu."

Kimya. Kimya kirefu, cha mtu anayesikiliza. Kisha akacheka taratibu. "Haya, wewe ndiye unayejua."

Nilirudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikitafuta sauti ya pili. Ulikuwepo upepo tu, na maji. Nikafungua klipu nyingine. Kila nilipokuwa nimempa mgongo, alikuwa akiongea na mtu, na kila mara alimwachia nafasi ya kujibu. Kwenye fuso, kabla hatujang'oka, alisema, "Sogea na wewe, usikae ukingoni."

Pale juu ya magunia tulikuwa wawili tu, na mimi nilikuwa nimekaa katikati.

Nilizima simu nikaenda kukaa jikoni na dada. Nikamsaidia kumenya vitunguu. Lakini nilijua vlogi yangu haikuwa ya mvua tena. Stori ilikuwa imepita pembeni ya kamera safari nzima, na haikuwa yangu kuitoa bila ruhusa. Nikapanda gari kurudi Ikola.

Mama alinikaribisha, akanipa kigoda. Nikamvalisha spika, nikamwekea kipande kile. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilidhani atakasirika.

"Kumbe inasikika," akasema.

"Mama, ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mwenzangu, mwanangu. Baba watoto. Ziwa lilimchukua, na hatukuletewa mwili wa kuzika. Sasa nyie mnataka nimuage wapi?" Akazivua spika, akazifuta kwa ncha ya khanga. "Kuanika tulikuwa tunaanika wote. Ananihimiza, namjibu."

"Nikitoa sehemu hizi hakuna atakayejua."

Alitazama mchanga uliotandazwa dagaa mpaka nikaanza kujuta kuja.

"Usitoe. Ila hapo ninaponyamaza usije ukaweka muziki. Hapo anaongea yeye."

Nikarudi nikaipanga upya. Vlogi ikaanza na sauti yake juu ya picha ya mchanga mtupu, kabla mtazamaji hajaona uso wake. Mvua na magunia vikabaki, maana ndivyo vilivyomfanya aongee, lakini kila kipande sasa kilipita kwa sababu kilitusogeza karibu na yule asiyeonekana. Vile vipande vya kimya niliviacha kwa urefu wake wote. Watu wengine waliandika kwamba sauti inakatika, nirekebishe. Sikuwajibu.

Niliporudi kumwonyesha mama, aliitazama mpaka mwisho, akaniomba niirudie. Mara hii hakuangalia kioo cha simu. Aliinamisha sikio.

Nimetengeneza nyingine tangu hapo, na zina uzi wa stori, na dada anazipenda. Lakini ninaporekodi simulizi yangu chumbani, nikimaliza sentensi huwa nanyamaza zaidi ya inavyotakiwa. Baadaye, wakati wa kuhariri, navisikiliza vile vipande vya kimya kimoja kimoja kabla sijavikata.