Baba Niliyemwandika

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nimeshaliandika mara saba, na hizo saba zilitosha.

Nilikuja Bariadi kutoka Lindi kwa uhamisho, karani wa kuandikisha watu vitambulisho, mwanamke mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa hasira. Wenzangu walinitania kwamba mashine ikinigomea huwa naigombeza mpaka inaona haya. Ni kweli. Sipendi kitu kinachosimama mbele yangu kikakataa kusogea, kiwe mashine, ng'ombe au mtu.

Fomu yetu ilikuwa na nafasi tatu za majina: la kwanza, la kati na la mwisho. La kati ungeweza kuliacha. La mwisho, mashine haikukubali kulihifadhi likiwa tupu. Kwa watu wengi wa huku halikuwa tatizo, ila ilibidi uulize vizuri. Mtu alikuwa anaweza kukutajia la baba kwanza, maana kijijini anaitwa mtoto wa fulani kabla ya kuitwa yeye, na ukiandika kama unavyosikia unamfanya baba kuwa mtoto. Kwa hiyo nilizoea kuuliza hivi: wewe mwenyewe ulipewa jina gani, na aliyekuzaa aliitwa nani? Hapo majina yanakaa mahali pake.

Wenye jina moja tu walikuwa na utaratibu wao, umeandikwa kwenye mwongozo. Jina hilo moja linawekwa kwenye nafasi ya jina la mwisho, kwa sababu mashine inamtafuta mtu kwa nafasi hiyo. Za mbele zinaachwa wazi, na msimamizi anaidhinisha kwa namba yake ya siri. Huandiki kistari, hurudii jina mara mbili, huandiki neno la kujaza. Karani mmoja kabla yangu aliandika HAKUNA, na mzee wa watu akawa anaitwa kwa sauti kwenye korido ya hospitali, Hakuna, Hakuna yupo, mpaka akaondoka bila dawa kwa kudhani dawa zimeisha. Tulicheka sana kwenye mafunzo. Mimi nilicheka kuliko wote.

Siku tuliyokwenda Nkololo tulipewa chumba cha ofisi ya kata kilichopakana na ghala la pamba. Ilikuwa msimu, manyoya ya pamba yanapenya chini ya mlango na kutua kwenye meza, kwenye kioo cha alama za vidole, puani. Foleni ilianza asubuhi na mtandao ulikata kabla ya saa nne. Msimamizi alikuwa mjini Bariadi, namba yake ya siri anayo yeye, simu haishiki. Ndipo akafika bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, binti wa miaka kama kumi na minane.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, mayu ndiyo mama, kwa Kisukuma changu cha kuokoteza.

"Mwangaluka mhola."

Nikauliza jina la binti. Bibi akanitajia moja.

"La baba yake?"

"Hilo hilo moja."

"Mayu, nauliza la baba."

"Na mimi nakujibu. Baba hakuja kumtaja mtoto, basi na sisi hatumtaji. Jina lake ni moja, tulimpa la mama yangu. Andika hilo."

Ningemwambia arudi kesho, msimamizi aidhinishe. Lakini kesho tulikuwa Mwandoya, kule Meatu, na foleni ilikuwa inanitazama. Nikaingiza jina lake nafasi ya kwanza, na kwenye nafasi ya mwisho vidole vyangu vikaandika jina la mwanamume ambalo sijui lilitoka wapi. Si la mtu ninayemfahamu. Nikaliweka na kwenye mstari wa jina la baba, ulio chini ya yale matatu, ili mashine isiulize tena. Ikakubali. Na kwa uchovu tu, kujichekesha, nikajiwazia sura ya huyo baba: mrefu, mkimya, ana mwavuli mweusi, anaufungua, anaufunga hata pasipo na mvua. Sikumwambia mtu yeyote. Yalikuwa mawazo ya nusu dakika, na binti akaweka vidole kwenye kioo.

Kufikia jioni nilikuwa nimekutana na wengine sita wa aina hiyo, na wote niliwaandikia baba yule yule. Wa mwisho alikuwa kijana mmoja mchunga ng'ombe. Mama yake alifika Nkololo akiwa mjamzito, akajifungua, akafa, na hakuna aliyejua alikotoka. Mwanamke aliyemlea alimpa jina moja. Yeye hakubishana. Aliangalia kioo cha kompyuta akaona mstari wa baba umejaa, akauliza kwa sauti ya chini, "Mnalo?"

Nikamwambia, "Tunalo. Weka kidole." Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko lile jina lenyewe.

Ilipita miaka minne. Siku moja ofisi ya msajili wa ndoa ikaniita. Walikuwa na wachumba wawili, wameleta vitambulisho ili tangazo la siku ishirini na moja libandikwe, na msajili amekataa kulibandika. Jina la mwisho moja, jina la baba moja, kata moja. "Hawa ni ndugu," akaniambia, "na wananiangalia usoni wanasema hawajuani kwa damu." Nilipoingia niliwatambua wote wawili. Binti alikuwa analia bila sauti. Kijana alikuwa amekaa wima, mwavuli mweusi umelala juu ya mapaja yake.

Nikajiambia miavuli yote ni myeusi.

Bibi alikuwa nje, amekataa kuingia. Kwa desturi yao, na kwa desturi yoyote ninayoijua, ndoa ya ndugu ni balaa kwa nyumba nzima, na yeye alikuwa ameshasema mjukuu wake haolewi. Nilimfuata nikamweleza wazi kwamba hakuna undugu, kwamba jina lile nilibuni mimi kwa uvivu wangu. Nilitegemea anitukane. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mwenye homa.

"Mwanangu, usimkane mtu. Alipita kwangu huyo."

"Nani alipita?"

"Mwenye jina hilo. Mrefu, hasemi sana. Aliomba maji, akanywa amesimama, mwavuli wake anafungua, anafunga. Nami nilikuwa nimesahau kabisa. Kijana huyu alipokuja kuuliza ndipo nikakumbuka."

"Lini, mayu?"

"Zamani. Binti yangu alikuwa bado hajazaa."

Nilishikilia nguzo ya baraza. Mchana wa jua kali, watu wamejaa uani, na mimi nahisi kuna mtu mmoja zaidi.

Kijana ndiye aliyenieleza mengine. Tangu siku ile ya Nkololo alikuwa anamtafuta baba yake. Alikariri jina kutoka kwenye kitambulisho, na kila alikopeleka au kufuata ng'ombe aliuliza. Mwanzoni hakuna aliyemjua. Halafu kule Kimali mtu mmoja akasema kama amewahi kulisikia. Mwaka uliofuata mtu huyo huyo alikuwa na hakika, na jirani yake anakumbuka hata mwendo wake. Kufika Mwandoya wakamwambia amechelewa, mzee alilala hapo, kaondoka, na mwavuli wake ameusahau nyuma ya mlango. Wakampa.

Nilijua kinachotokea, au nilijidai najua. Watu wana huruma. Yatima akija anauliza kwa heshima mara tatu, mara ya nne utamkumbukia chochote. Ila mwavuli sikuwahi kuutaja. Huo ulikuwa kichwani mwangu tu.

Msajili alitaka mambo mawili: vitambulisho virekebishwe, na familia iridhike. Marekebisho niliyajua. Kila mmoja anaandika hati ya kiapo mbele ya hakimu kwamba ana jina moja tu na kwamba hilo jingine si lake. Mimi naandika maelezo kwamba niliingiza jina lisilotoka kwa mwenyewe. Msimamizi anaidhinisha, jina moja linahamia nafasi ya mwisho, za mbele zinabaki tupu, mstari wa baba unaandikwa hajulikani, na kuanzia hapo kila karatasi nyingine, ya hospitali, ya kura, ya ndoa, inafuata mpangilio huo huo, ili pasije pakatokea watu wawili ndani ya mtu mmoja. Nilipewa barua ya onyo pia. Nilistahili.

Binti aliapa siku hiyo hiyo. Kijana aliomba apewe usiku mmoja.

Asubuhi tulikutana kwenye benchi la nje ya mahakama. Hati yake ilikuwa tayari imepigwa chapa. Ilibaki saini, na asiposaini hakuna ndoa. Binti alikaa upande wa pili wa uwanja na bibi yake, hawasogei.

"Mama," kijana akaniambia, "sema ukweli. Siku ile uliniambia mnalo."

"Nilidanganya. Nilikuwa na haraka. Nisamehe."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna. Nilimtunga mimi pale mezani."

Aliangalia karatasi. "Nimeanza kumwota," akasema. "Anasimama mlangoni, haingii. Nilikuwa nasubiri aingie."

Nililia. Kijana akasaini, polepole, lile jina lake moja, akanipa kalamu.

Kwa ajili ya bibi niliapa na mimi, mkono juu ya msahafu, yeye akisikiliza, kwamba mtu yule hakuzaliwa, hakuishi Nkololo wala kokote, na hana mtoto. Ili kuapa ilibidi nilitaje jina lake kwa sauti. Karani wa mahakama aliinua kichwa akatazama mlangoni, kama mtu aliyesikia hodi, kisha akaendelea kuandika. Bibi aliitikia kwa kichwa. "Sasa amesikia," akasema, na akamruhusu mjukuu wake.

Tangazo lilibandikwa. Siku ishirini na moja zikaisha, hakuna aliyepinga. Nilikwenda kila asubuhi kuangalia, nikiogopa nani angekuja kupinga. Walifunga ndoa, na kwenye cheti majina yao mawili yamekaa, moja moja, kila moja na nafasi yake tupu mbele. Wale watano wengine niliwatafuta mmoja mmoja mpaka wote nikawarekebishia.

Siku ya kuchukua cheti kijana alipita ofisini kwangu. Aliuweka ule mwavuli juu ya meza yangu, akaunyoosha vizuri, ncha yake ikielekea ukutani.

"Huu ubaki kwako," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unamjua."

Uko nyuma ya mlango mpaka sasa. Sijaufungua hata mara moja. Mvua ikinikuta kazini, natembea nayo mpaka nyumbani, nalowa.